Sifuri, Tatu, Tano, Saba

Baba alijua kabla ya Mama, na hilo peke yake linatosha kuonyesha mambo yalikuwa mabaya kiasi gani. Nyumbani kwetu, katika nyumba za kambi ya polisi, Mama ndiye anayejua kila kitu kwanza, hata mambo ambayo hayajatokea. Lakini nilipoanguka mtihani wa vitendo wa elektroniki za dijitali, nilimpigia Baba. Mama angeanza kufunga siku hiyohiyo, na angemfungisha na Baba, ambaye hata si Mwislamu.

"Umeangukaje?" Baba aliuliza. Yeye ni askari, mtu wa kaskazini, mpole mpaka uudhike, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina urembo. "Si ulisema mashine nafanya kazi?"

"Ilifanya, Baba. Umeme ukakatika. Uliporudi, ikakataa kuamka vizuri."

"Basi ni kama mimi," akasema. "Mama yako asijue mpaka tupate jibu."

Jibu lenyewe lilikuwa mtihani wa marudio, wiki tatu mbele. Sheria ya idara yetu haikuwa na huruma: ukianguka marudio, unatoka kwenye kozi. Hakuna mara ya tatu. Nilikuwa mwaka wa pili, nikiishi hosteli ya mtaa wa Kansanga, juu ya baa iliyokuwa inafunga pale mimi ninapoamka, na kwa majirani wa kambini Baba alikwisha kunitangaza kuwa injinia. Mama mmoja wa jirani alikuwa ameshaniwekea redio yake mbovu niitengeneze.

Nieleze jinsi nilivyoanguka, maana bado inaniuma. Kazi ilikuwa kutengeneza kihesabio, yaani saketi yenye taa tatu zinazoonyesha namba. Taa ya kushoto ina thamani ya nne, ya katikati mbili, ya kulia moja. Zote zikizimika ni sifuri. Zikiwaka ya kati na ya kulia ni tatu. Zote zikiwaka ni saba. Kuhesabu kwa mpangilio, sifuri moja mbili tatu, mtu yeyote anaweza. Ila mwalimu wetu alikuwa Mkenya, mama mwenye miwani ya kamba tuliyemwita Madam, naye hakupenda vitu ambavyo mtu yeyote anaweza. Kila mwanafunzi alipewa mfuatano wake, wa ovyo kabisa. Wangu wa kwanza ulikuwa sifuri, moja, tatu, saba, sita, nne, halafu sifuri tena.

Nyuma ya kila taa kuna flip-flopu ya D. Usiogope jina. Ni kipande kinachokumbuka jambo moja tu: ndiyo au hapana. Kina mlango uitwao D. Saa ya saketi ikipiga, kinachukua kilichopo mlangoni wakati huo, kinakishika, na hakikiachi mpaka saa ipige tena. Kazi yote ya mbunifu ni kuhakikisha kwamba pale mlangoni kila mara pamewekwa kile ambacho taa hiyo inapaswa kuwa katika hatua inayofuata. Unachora jedwali: hali ya sasa huku, hali inayofuata kule. Na kwa namba ambazo hazimo kwenye mfuatano wako unaandika X, maana yake sijali, halafu unaziacha X zikusaidie kurahisisha waya.

Mimi nilikuwa bingwa wa kutojali. Katika mfuatano ule mbili na tano hazikuwemo, nikazipiga X kwa furaha, na saketi ikatoka nyepesi mno. Ikazunguka vizuri mbele ya Madam. Kisha umeme ukakatika, kama kawaida yake. Uliporudi, flip-flopu ziliamka zilivyotaka, maana hakuna aliyeziambia zianzie wapi, na zikaamkia kwenye mbili. Mbili ikaenda tano. Tano ikarudi mbili. Mbili, tano, mbili, tano, na Madam amesimama pale na kalamu yake, mpaka nikatamani kuing'oa plagi pamoja na ukuta.

"Hii imepotea njia na haijui nyumbani," alisema. Akaandika kitu kifupi.

Tangu siku hiyo Afande akaanzisha utaratibu wake. Afande ndiye aliyekuwa fundi wa maabara, mwanajeshi mstaafu wa kikosi cha mawasiliano, na hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Alikaa mlangoni na mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na sponji, na kwenye sponji alikuwa amechomeka chipu zote za idara, miguu chini, mistari imenyooka kama gwaride. Aliziita mende. Tangu kihesabio changu kipotee, hakuna kazi iliyopelekwa kwa Madam kabla Afande hajaizima na kuiwasha mara kumi. "Zima. Washa. Nahesabu?" Ikipotea hata mara moja, anakurudisha mezani. Madam aliona, akapenda, akaufanya sehemu ya mtihani.

Siku ya marudio tulikuwa watu watano. Saa tatu asubuhi, jua linaingia kwa madirisha, kila mtu na ubao wake wa matundu, ule mweupe ambao unachomekea vipande na waya bila kulehemu. Karatasi yangu iliandikwa: buni na uunde kihesabio kinachofuata sifuri, tatu, tano, saba, kisha sifuri, kwa kutumia flip-flopu za D. Muda: saa tatu.

Afande akapita na mkebe. Chipu moja ya flip-flopu ina flip-flopu mbili ndani yake. Taa tatu zinahitaji flip-flopu tatu, kwa hiyo chipu mbili. Akaniwekea mende wawili wa flip-flopu, na chipu moja ya mageti ya XOR na nyingine ya mageti ya NAND, yale yanayopokea ishara mbili na kutoa jibu moja.

"Hii ndiyo mende yako," akasema. "Leo hapana ingine. Kila mutu na yake. Ukiunguza, ni ya kwako."

"Nimesikia, Afande."

"Hapana sikia. Shika."

Mezani nilianza vizuri. Safari hii sikuwa mtu wa kutojali. Nilichora jedwali langu kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza, na majibu yakatoka mazuri hadi nikashuku. Taa ya mbili: kila mpigo wa saa, igeuke. Taa ya nne: iwake kama, kati yake na ya mbili, ni moja tu inayowaka sasa. Hiyo ndiyo kazi ya XOR. Taa ya moja: iwake, isipokuwa kama ya nne na ya mbili zinawaka zote, ambayo ni kazi ya NAND. Nikazipima na zile namba zisizokuwemo. Moja ingeenda tatu. Mbili ingeenda tano. Nne ingeenda saba. Sita ingeenda sifuri. Zote zinarudi nyumbani kwa mpigo mmoja! Nilitabasamu peke yangu kama mjinga. Nikaona nimeshapita.

Hapo ndipo nilipochomeka chipu ya pili ya flip-flopu kinyume.

Chipu ina kijitundu upande mmoja kinachokuonyesha kichwa kiko wapi. Mtoto anajua. Mimi nilikuwa naimba moyoni, nikaigeuza, kichwa kikawa miguuni. Ukifanya hivyo kwa chipu ya namna ile, pini ya chanya inakaa mahali pa hasi na ya hasi mahali pa chanya, hakuna hata bahati ya kukosea vizuri. Nikawasha. Taa hazikuwaka. Nikaweka kidole juu ya chipu nisikie kama iko hai, na kidole kikashika moto. Nikapiga kelele neno ambalo Mama hajui kama nalijua. Harufu ikapanda, ile harufu ya plastiki na majuto.

Wenzangu wanne wakainua vichwa. Afande hakuinua chake. Alivuta pumzi tu kupitia pua, kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani.

Nikang'oa chipu, nikaenda mlangoni nikiwa nimeishika kwa karatasi. "Afande, naomba."

"Imekufa?"

"Imekufa."

"Nani amemuua?"

"Mimi."

Akaichukua, akaigeuzageuza, akanirudishia. "Pole, nyabo, dada yangu. Nilisema."

"Afande, nikianguka leo nafukuzwa! Unajua hilo! Mkebeni umo mstari mzima!"

"Najua." Akafunga mkebe, si kwa ukali, taratibu tu. "Na wale wanne pia wanajua. Nikikupa wewe, nitapa wao nini?"

Nilirudi mezani nikiwa na hasira. Nilimchukia kwa dakika kama kumi. Nilimchukia yeye, na mkebe wake, na jeshi lote lililomfundisha kunyoosha mistari. Kisha nikajichukia mimi, ambaye ndiye niliyestahili. Nilifikiria Baba akiwa zamu, simu mfukoni, akijifanya haingoji. Nilifikiria ile redio mbovu.

Nilibaki na chipu moja ya flip-flopu. Flip-flopu mbili. Taa tatu. Kwa vile sikuwa na lingine la kufanya, nikasoma tena majibu yangu, na nikayasoma kwa hasira, kama unavyosoma barua ya mtu mliyegombana naye.

Taa ya mbili inajiangalia yenyewe. Taa ya nne inajiangalia yenyewe na ya mbili. Taa ya moja inaangalia ya nne na ya mbili. Nikarudia. Ya mbili, ya nne, ya nne, ya mbili. Hakuna popote ambapo mtu anaiuliza taa ya moja chochote. Ilikuwa mezani na wenzake, ikiwaka na kuzimika kwa heshima zote, lakini hakuna aliyekuwa anahitaji kumbukumbu yake.

Nikaandika mfuatano wangu upya, taa kwa taa, halafu nikaziba safu ya mwisho kwa kidole kilichoungua. Kilichobaki kilikuwa: hakuna, ya mbili, ya nne, zote mbili. Yaani sifuri, moja, mbili, tatu. Kuhesabu kwa kawaida kabisa, kule ambako mtu yeyote anaweza. Madam alikuwa ameuvalisha mfuatano wa chekechea koti tu.

Nikaondoa kidole. Taa ya moja ilikuwa inawaka kila mahali ambapo mojawapo ya zile nyingine inawaka. Haikuhitaji flip-flopu. Ilihitaji mtu wa kuiambia: ukiona mmoja wao anawaka, waka. Na kila flip-flopu ina njia mbili za kutokea, moja inasema kilichomo na nyingine inasema kinyume chake. Nikachukua vile vinyume viwili nikaviingiza kwenye geti la NAND nililokuwa nalo tayari. Geti hilo hutoa sifuri pale tu ambapo viingizo vyote viwili ni moja, na vinyume vyote viwili vinakuwa moja pale tu taa zote mbili zimezimika. Nikaunganisha. Nikageuza chipu mara tatu kuhakikisha kichwa kiko kichwani. Nikapuliza kidole, nikawasha.

Sifuri. Tatu. Tano. Saba. Sifuri.

Nilitaka kucheka na kulia, nikaishia kupiga chafya.

Nilipoinua mkono, Madam alikuja, Afande nyuma yake. Madam akainama juu ya ubao wangu. Akahesabu chipu kwa kalamu. Akahesabu tena.

"Flip-flop ya tatu iko wapi?"

"Haina kazi, Madam."

Kwa kweli nilitaka kulisema kwa adabu, lakini nilikuwa bado na hasira za mkebe, likatoka kama nimemjibu mwenye nyumba. Akanitazama juu ya miwani. "Hebu nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nikamzibia safu kwa kidole kama nilivyojizibia. Akaichukua karatasi ya maswali, akaisoma yeye mwenyewe kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Ilisema flip-flopu za D. Haikusema ngapi.

"Afande," akasema, "zima."

Nilikuwa nimefurahia ujanja wangu hadi nikasahau usingizi na kuamka. Afande akazima. Akawasha. Kihesabio kiliamkia tano, kikaenda saba. Akazima, akawasha. Sifuri. Akazima, akawasha. Tano tena. Mimi nilikuwa nangoja ile mbili ya laana itokee, nikiwa nimeshika ukingo wa meza, na katikati ya mara ya sita ndipo kichwa changu kikafika ilipofika mikono yangu.

Flip-flopu mbili zina njia nne tu za kuamka. Hakuna, ya mbili, ya nne, zote. Na kila moja ya hizo nne ni namba yangu. Sikuwa na namba za X tena. Kihesabio hiki kisingeweza kupotea, kwa sababu nje ya nyumbani hakukuwa na mahali.

"Hata mara mia, Afande," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Nyamaza," akasema, "niko saba."

Alimaliza kumi. Kisha akaongeza moja, kwa starehe yake mwenyewe nadhani. Kikaamkia tatu.

Madam akafungua kalamu, akasita. "Jambo moja tu. Ulipewa chipu mbili za flip-flopu. Mbona ukaamua kutumia moja?"

Ilikuwa nafasi yangu ya kuwa na akili nyingi. Ningeweza kusema niliona tangu mwanzo, kwamba napenda saketi ndogo. Afande alikuwa anatazama dari kama mtu anayekagua kazi ya buibui. Hangesema, nilijua. Lakini chipu iliyokufa ilikuwa mezani, na kidole changu kilikuwa na lengelenge, na nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kutunziwa siri.

"Sikuamua, Madam. Niliunguza moja. Niliichomeka kinyume. Afande alininyima nyingine, ndiyo nikatafuta."

"Najua," akasema. "Harufu imenifuata mpaka ofisini." Akaandika. Safari hii aliandika kirefu kidogo, na nilijaribu kusoma kichwa chini miguu juu nikashindwa. "Umepita. Nimekukata alama moja ya yule marehemu."

Walipokwenda meza ya jirani, Afande alirudi peke yake. Aling'oa chipu zangu moja moja, akanyoosha miguu yao kwa ukucha, akazirudisha kwenye sponji, kila moja kwenye mstari wake. Alibaki amesimama, hataki kuondoka.

"Ile kitu ya kidole," akasema. "Hebu fanya tena."

Nilikuwa na haraka ya kupiga simu kama mtu anayeungua mara ya pili. Lakini nilimvutia kiti. Nilimchorea jedwali nyuma ya karatasi yangu, taa kwa taa, nikaziba safu, nikaifungua. Akaangalia muda mrefu. Akaziba kwa kidole chake kikubwa, akafungua, akaziba tena.

"Wiki zote hizi nazima, nawasha," akasema. "Hakuna mutu aliniambia inapotelea wapi." Akaikunja ile karatasi vizuri, akaiweka mkebeni, chini ya sponji.

Nilitoka nje, nikasimama kando ya tangi la maji palipokuwa na mtandao. Baba alipokea kabla simu haijamaliza mlio wa kwanza, na hakunisalimia.

"Imeamka?"

"Imeamka, Baba. Mara kumi na moja."

Nikasikia magari upande wake, na mtu akimwita afande, naye hakumjibu. Nikaanza kulia pale kwenye tangi, kwa sauti kabisa, wanafunzi wanapita wakidhani nimefiwa. Nilisikia upande wa pili naye anavuta pua, akisingizia vumbi.

"Sawa," akasema alipopata sauti. "Sasa naweza kumwambia mama yako kwamba ulianguka."